Kutoka Maneno 610 Hadi 247: Namna ya Kuipanga Upya Ikisiri ya Tasnifu

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili wa sayansi za afya na wasimamizi wao, Moshi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wasimamizi wa tasnifu, na ninyi wanafunzi wa uzamili ambao wengi wenu mmetoka wodini moja kwa moja kuja hapa, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ikisiri, na nitajifunga kwenye jambo moja tu: mtu amekwisha kuandika ikisiri ndefu ya tasnifu, kisha mkutano au jarida linamtaka ailete upya katika sehemu nne, yaani usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, kwa maneno yasiyozidi 250.

Muundo huu una historia yake. Mwaka 1987 kikundi cha wataalamu wa uhakiki wa maandiko ya tiba kilipendekeza katika jarida la Annals of Internal Medicine kwamba ikisiri za tafiti za kitabibu ziandikwe chini ya vichwa maalumu, ili daktari asiye na muda aweze kupima haraka kama makala inamfaa na kama matokeo yake yanaaminika. Vichwa vya awali vilikuwa zaidi ya vinne, na hadi leo baadhi ya majarida yanavitaka vingi. Vinne tunavyovishughulikia leo ndivyo mtakavyokutana navyo mara nyingi.

Nimewaandalia tasnifu ya kufikirika. Utafiti huu haupo, na namba zake zote nimezitunga kwa ajili ya somo hili, lakini nimehakikisha kwamba hesabu zinaafikiana, ili mwenye kikokotoo azikague. Mwandishi wake amechunguza wagonjwa wa shinikizo la juu la damu katika kliniki ya hospitali moja ya wilaya mkoani Kilimanjaro, akitaka kujua ni wangapi wanaotumia dawa kama walivyoagizwa na kama jambo hilo lina uhusiano na kuwa na bima ya afya. Ikisiri yake ina maneno 610 katika aya moja iliyojaza ukurasa. Maneno 200 ni ya usuli, 190 ya mbinu, 120 ya matokeo, na 100 yaliyobaki ni hitimisho na mapendekezo.

Tazameni mgawanyo huo kabla hatujagusa sentensi hata moja. Maneno 390 yanapita kabla msomaji hajaambiwa chochote ambacho mwandishi amekigundua. Usuli unaanza na shinikizo la damu duniani, unashuka Afrika, unafika Tanzania, unaingia Kilimanjaro, na hapo mwandishi anatueleza hata kwamba mkoa huu unapakana na Kenya, jambo ambalo sidhani kama limewahi kumsumbua mgonjwa wa Kibosho anayetafuta dawa. Mpangilio huo si wa kulaumiwa ndani ya tasnifu, kwa kuwa sura ya kwanza ndivyo inavyoandikwa. Tatizo ni kwamba ikisiri ndefu huwa ni tasnifu yenyewe iliyopunguzwa kwa kiwango kile kile kila mahali, kwa hiyo hurithi uzito wa sura zake.

Njia ambayo wengi huishika ni kuifungua ikisiri ile ndefu na kuanza kufuta: kivumishi hapa, kishazi pale, sentensi nzima ya tatu. Njia hii huishia kwenye maneno kama 320, halafu hukwama, kwa sababu kila sentensi iliyobaki inaonekana inahitajika. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kukata huanza juu na kumaliza chini, nguvu ya mwandishi huishia kwenye usuli, na anapofika kwenye matokeo akiwa amechoka na bado amezidisha maneno 70, anaanza kufuta namba. Dalili ya ikisiri iliyopunguzwa kwa njia hii ni rahisi kuitambua: usuli wake unasomeka vizuri, na matokeo yake hayana hata kipimo kimoja kamili.

Mimi nashauri ikisiri ndefu iwekwe kando na ya pili iandikwe upya kuanzia matokeo. Kwanza kabisa mwandishi ajigawie maneno. Kwa kikomo cha 250, mgawanyo ninaoupendelea ni takriban 40 kwa usuli, 70 kwa mbinu, 85 kwa matokeo na 50 kwa hitimisho. Yanayobaki machache ni ya vichwa na ya dharura. Mnaweza kubishana nami kuhusu namba hizi, ila nisingekubali usuli uzidi mbinu, wala mbinu zizidi matokeo. Mifano yangu ni ya Kiswahili, na anayewasilisha kwa Kiingereza ajue kwamba idadi ya maneno hubadilika sentensi inapotafsiriwa, kwa hiyo ahesabu upya.

Sasa tuingie kwenye matokeo. Ikisiri ndefu ilisema hivi: "Matokeo yalionyesha kwamba kulikuwa na uhusiano wenye maana ya kitakwimu kati ya umiliki wa bima ya afya na ufuasi wa dawa (p<0.001)." Ni sentensi ya maneno zaidi ya kumi na tano, na baada ya kuisoma bado hatujui wenye bima walikuwa wangapi, walitumia dawa vizuri kwa kiasi gani, na waliwazidi wenzao kwa kiasi gani, kwa kweli hata hatujaambiwa ni kundi lipi lililozidi. Thamani ya p inatuambia tu kwamba data kama hizi zingekuwa nadra kupatikana iwapo kusingekuwa na uhusiano wowote. Haituambii ukubwa wa uhusiano. Katika sampuli kubwa, tofauti isiyo na faida yoyote kliniki inaweza kuleta p ndogo sana.

Kwa hiyo tunarudi kwenye majedwali ya sura ya nne na kuchukua namba zenyewe. Walioombwa kushiriki walikuwa 412 na waliohojiwa 384. Nawaona mnaotabasamu: ndiyo, ni 384 ile ile ya kanuni ya sampuli ambayo kila mmoja hapa ameiandika, na ikisiri ndefu ilitumia maneno 40 kuieleza kanuni hiyo. Katika maneno 250 kanuni haina nafasi. Msomaji anahitaji kujua wangapi walipatikana. Kati ya hao 384, waliotumia dawa ipasavyo ni 161, ambao ni asilimia 41.9. Wenye bima walikuwa 140 na kati yao 84 walitumia dawa ipasavyo; wasio na bima 244 na kati yao 77. Hapo ndipo moyo wa utafiti ulipo, na sehemu ya matokeo inaandikwa kuuzunguka:

"Kati ya wagonjwa 412 walioombwa kushiriki, 384 (93.2%) walihojiwa. Wafuasi wa dawa walikuwa 161 (41.9%, masafa 37.0–46.9). Miongoni mwa wagonjwa 140 wenye bima, 84 (60.0%) walikuwa wafuasi, ikilinganishwa na 77 (31.6%) kati ya 244 wasio na bima, uwiano wa viwango ulikuwa 1.90 (masafa 1.51–2.39). Baada ya kuzingatia umri, jinsi na umbali wa kufika hospitalini, uwiano ulikuwa 1.72 (masafa 1.35–2.19). Wanaume na wanawake hawakutofautiana sana (41.2% na 42.5%). Miongoni mwa wagonjwa 223 wasiofuata dawa, 118 (52.9%) walitaja ukosefu wa fedha kuwa sababu kuu."

Hayo ni maneno 82. Masafa ninayoyataja ni masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka miwili inayoonyesha makadirio yetu yana usahihi kiasi gani. Msomaji akiona 1.51 hadi 2.39 anaelewa kwamba hata kwenye mpaka wa chini wenye bima wanawazidi wenzao kwa nusu hivi, na hajalazimika kutuamini kwa maneno matupu. Angalieni pia kwamba nimeiacha sentensi inayohusu wanaume na wanawake, ingawa haikuleta tofauti. Utafiti ulipanga kulichunguza jambo hilo, na mwandishi anayetaja mambo yaliyoleta tofauti peke yake anampa msomaji picha ya upande mmoja. Yaliyoondoka ni hali ya ndoa, dini, kiwango cha elimu na kazi, ambavyo ikisiri ndefu iliviorodhesha kimoja kimoja. Vyote vitabaki kwenye jedwali la kwanza la tasnifu, ambako ndiko kwao.

Baada ya matokeo ndipo tunaandika mbinu, na hapa kuna kipimo kimoja ninachokitumia daima: kila namba iliyo kwenye matokeo iwe na maelezo yake kwenye mbinu, na kila maelezo ya mbinu yawe na namba inayoyahitaji. Tumesema "wafuasi wa dawa". Basi lazima mbinu zituambie mfuasi ni nani. Cha ajabu, katika maneno 190 ya mbinu za ikisiri ndefu, tafsiri hiyo haikuwamo. Kulikuwa na toleo la programu ya takwimu, namba ya kibali cha maadili, jina la kanuni ya sampuli na maelezo kwamba dodoso lilitafsiriwa na kujaribiwa, lakini kigezo chenyewe cha ufuasi, ambacho matokeo yote yamekiegemea, mwandishi alikisahau kwa sababu yeye alikuwa akiishi nacho kila siku. Kibali cha maadili ni cha lazima, na mikutano mingi hukiulizia kwenye kisanduku chake. Si lazima kitumie maneno ya ikisiri isipokuwa mwongozo umesema hivyo. Mbinu zetu zinakuwa hivi:

"Tulifanya utafiti wa kupima mara moja katika kliniki ya hospitali moja ya wilaya kati ya Machi na Juni 2023. Wagonjwa wenye umri wa miaka 18 au zaidi, waliokwisha kutumia dawa kwa angalau miezi sita, walichaguliwa kwa nasibu kutoka rejesta na kuhojiwa kwa dodoso. Mfuasi wa dawa ni aliyesema ametumia angalau asilimia 80 ya dozi za siku 30 zilizopita. Tulikadiria uwiano wa viwango na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95."

Ni maneno 70 kamili. Aina ya utafiti imetajwa katika sentensi ya kwanza kwa makusudi, kwa kuwa mwongozo wa STROBE, unaohusu tafiti za uchunguzi kama hii, unataka aina ya utafiti itajwe waziwazi ama kwenye kichwa cha makala ama kwenye ikisiri. Neno "aliyesema" nalo lina kazi: linamjulisha msomaji kwamba ufuasi umepimwa kwa kauli ya mgonjwa, si kwa kuhesabu vidonge wala kwa kumbukumbu za duka la dawa. Neno moja limebeba upungufu mzima.

Usuli utatuchukua muda mfupi. Unahitaji sentensi mbili: ya kwanza itaje tatizo na pengo la maarifa, ya pili itaje lengo.

"Wagonjwa wa shinikizo la juu la damu wanaoacha dawa wako katika hatari kubwa ya kiharusi, lakini haijulikani ni wangapi wanaozitumia ipasavyo katika hospitali za wilaya mkoani Kilimanjaro. Tulipima kiwango cha ufuasi wa dawa na kuchunguza uhusiano wake na bima ya afya."

Maneno 41 badala ya 200. Atakayesoma ikisiri hii kwenye mkutano wa magonjwa ya moyo anajua tayari kwamba shinikizo la damu ni tatizo duniani.

Hitimisho ndilo linalohitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu hapo kosa si la urefu peke yake. Ikisiri ndefu ilihitimisha kwamba "bima ya afya inaongeza ufuasi wa dawa kwa wagonjwa wa Tanzania", kisha ikaishauri serikali, wizara, mashirika na jamii, na kumalizia kwamba tafiti zaidi zinahitajika. Sentensi ile ya kwanza ina madai mawili ambayo utafiti huu hauwezi kuyabeba. Kwanza, wagonjwa walipimwa mara moja; wenye bima wanaweza kuwa ni watumishi wenye mshahara wa uhakika, na mshahara ndio unaowawezesha kupata dawa. Kuzingatia umri, jinsi na umbali hakuondoi uwezekano huo. Pili, wagonjwa walitoka hospitali moja, na hospitali moja si Tanzania. Nimependekeza hivi:

"Katika hospitali hii, chini ya nusu ya wagonjwa walitumia dawa ipasavyo kwa maelezo yao wenyewe, na wenye bima walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Utafiti huu hauwezi kuonyesha kwamba bima ndiyo iliyosababisha tofauti hiyo. Kliniki inaweza kuanza kwa kumuuliza kila mgonjwa asiye na bima kama ameweza kununua dawa za mwezi."

Maneno 50. Pendekezo ni moja, linamhusu mtu anayeweza kulitekeleza kesho asubuhi, na limetokana na wale 118 waliotaja ukosefu wa fedha; pasipo sentensi yao kwenye matokeo, pendekezo hili lingekuwa limeanguka kutoka juu. Kuhusu kauli kwamba tafiti zaidi zinahitajika, sina la kusema ila kwamba hugharimu maneno na haijawahi kumzuia wala kumtuma mtu yeyote kufanya utafiti.

Jumla ya sehemu zote nne ni maneno 243, na vichwa vinne vinaifikisha 247. Hapa niseme kuhusu kuhesabu, maana watu hukataliwa kwa neno moja. Mimi nimehesabu kila kilichotengwa kwa nafasi kuwa ni neno, kwa hiyo "n = 384" ni maneno matatu na "n=384" ni neno moja; "37.0–46.9" ni moja na "37.0 hadi 46.9" ni matatu. Kuondoa nafasi za namna hiyo ni halali, isipokuwa pale masafa yanapokuwa na namba hasi, ambapo kistari kitachanganywa na alama ya kutoa na ni heri kulipia neno "hadi". Kuunganisha maneno ya kawaida kwa mikwaju ili yahesabiwe kuwa moja ni jambo lingine, na mhariri hulitambua mara moja. Fomu nyingine za mtandaoni huhesabu herufi pamoja na nafasi, nyingine huhesabu vichwa na nyingine hazivihesabu, na zipo zinazokata palepale kikomo kilipofika bila kutoa onyo, na hapo kinachopotea ni mwisho wa hitimisho. Hesabu inayotambuliwa ni ya fomu, si ya kompyuta yako. Baada ya kubandika, isome tena ikisiri ndani ya fomu yenyewe, ukiangalia hasa alama kama ≥ na ±, ambazo wakati mwingine hugeuka visanduku au alama za kuuliza. Ndiyo maana nimeandika "miaka 18 au zaidi", japo ingekuwa fupi kwa alama.

Limebaki suala la ulinganifu wa namba. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walichapisha katika JAMA uchunguzi wa ikisiri za majarida sita ya tiba, wakakuta kwamba, kutegemea jarida, kati ya asilimia 18 na 68 ya ikisiri zilikuwa na data zisizolingana na zilizo ndani ya makala au zisizopatikana humo kabisa. Hayo yalikuwa majarida makubwa yenye wahariri wa kulipwa. Katika tasnifu chanzo cha kawaida ni kwamba uchambuzi umerudiwa baada ya maoni ya watahini, majedwali yakabadilika, na ikisiri ikabaki na namba za zamani. Namna ya kukagua ni kuchapa ikisiri kwenye karatasi, kupigia mstari kila namba, na kuandika pembeni yake namba ya jedwali ilikotoka. Namba isiyo na jedwali inatoka. Kisha jumlisheni: 84 na 77 lazima zilete 161, na 161 na 223 lazima zilete 384. Msomaji makini hufanya hesabu hizo kichwani kabla hajafika kwenye hitimisho.

Wasimamizi wetu, nawaomba radhi kwa ninalolisema sasa. Ikisiri ya maneno 247 ikipelekwa kwa msimamizi mara nyingi hurudi ikiwa na 290, kwa sababu kila mmoja wetu ana sentensi anayoipenda, na mwanafunzi hana ubavu wa kuifuta sentensi ya mwalimu wake. Naomba anayeongeza sentensi aonyeshe pia ni ipi itoke. Tukifanya hivyo, nina hakika usuli hautarudi kuwa mrefu, maana itabidi tuchague kati ya takwimu za dunia na wale wagonjwa 84.

Kila mmoja wenu ana tasnifu mbele yake. Naomba muifungue sura ya nne, mtafute jedwali moja linalojibu swali kuu la utafiti wenu, na muandike sentensi yake ya matokeo pamoja na masafa. Ikisiri ndefu iacheni imefungwa kwanza. Tutaihitaji baada ya chai.